Nimetia saruji kwenye tofali za udongo, mvua ya kwanza zikageuka uji. Kosa ni udongo au ni mimi?

#1 Nkwimba
Wakuu, salamu. Namjengea mama yangu nyumba ya vyumba viwili na sebule huku Kwimba. Hela ya bloku sina, na kuchoma tofali sikutaka kwa sababu kuni zenyewe ni kukata miembe yake. Nikaamua nifyatue tofali za udongo nitie saruji ziwe ngumu. Mfuko mmoja niliuchanganya na toroli sita za udongo, nikatumia mifuko 12, nikapata tofali kama 600 za kalibu ya inchi 12 kwa 6 kwa 4.

Zilipokauka zilikuwa na nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, ila nilizigonga zikawa ngumu nikaridhika. Juzi imenyesha mvua ya saa moja tu. Zile za chini kwenye rundo zimekuwa uji, za juu zimepoteza kona zote, unapitisha kidole tu zinamomonyoka. Tofali kama 80 zilizokuwa zimepangwa chini ya mwembe zina nafuu kidogo, nazo zimelowa vilevile.

Fundi anasema udongo haufai. Jirani anasema saruji ilikuwa mbovu. Mwingine kaniambia ningetumia chokaa. Nimebaki na tofali 400 hivi na mama ananiangalia. Naomba kueleweshwa kabla sijanunua mfuko mwingine.

#2 Baba Shija
Pole sana mkuu. Hiyo ni saruji. Siku hizi kuna ya 32.5 na ya 42.5, wengi mnachukua ya 32.5 kwa sababu ni nafuu, halafu mnashangaa. Kwa tofali chukua 42.5. Mimi nilibadilisha na sijajuta.

#3 kalibu_mbili
Choma hizo tofali, umalize kazi. Babu zetu walichoma.

#4 Fundi Kitwana
Nkwimba, kabla watu hawajakumaliza kwa ushauri naomba unijibu mambo manne. Udongo una rangi gani na uliuchimba kina gani? Saruji uliitia lini, na tofali la mwisho ulilifyatua saa ngapi? Uliufanya tope kabisa au ulikuwa unyevunyevu tu? Na ukishafyatua uliziacha wapi?

Baba Shija, hizo namba ni za nguvu ya saruji yenyewe ikipimwa kwenye mchanga maalumu. Kwa tofali la udongo 32.5 inatosha kabisa. Tofali hata lisipofikia nguvu ya bloku bado linabeba ukuta wa nyumba ya chini.

#5 Nkwimba
Asante fundi. Udongo ni mweusi wa kijivu, ni ule wa mbuga karibu na lambo la ng'ombe. Nilichimba kina cha goti hivi. Tope tulikanyaga kwa miguu jioni, asubuhi nikamwaga saruji shimoni mifuko mitatu kwa pamoja, tukakanyaga tena, tukafyatua kuanzia saa 3 mpaka kama saa 9 alasiri. Likizidi kukaza tulikuwa tunaongeza maji. Tofali tulizianika juani kama kawaida, siku nne, halafu tukazipanga.

#6 Fundi Kitwana
Basi ndugu yangu, umenijibu. Sitasema kosa ni moja.

Kwanza tupige hesabu, maana wengi watakuambia ongeza saruji. Mfuko wa kilo 50 ukiumwaga kwenye ndoo ni kama lita 35, yaani hazifiki ndoo mbili za lita 20. Toroli ya kawaida ni ndoo tatu. Toroli sita ni ndoo 18, lita 360. Kwa hiyo umechanganya saruji moja kwa udongo kumi. Hiyo ni nyingi! Watu wanaoshindilia kwa mashine wanatumia moja kwa 14, hata moja kwa 18 udongo ukiwa mzuri. Kwa hiyo saruji haikupungua, iliuawa.

Iliuawa shimoni. Saruji ikikutana na maji saa inaanza kuhesabika. Ndani ya saa moja uwe umeshafyatua, ikizidi hapo inaanza kushika. Wewe ulipoona tope linakaza, huko ndiko kushika kwenyewe. Mlipoongeza maji na kukanyaga tena mlikuwa mnavunja kile kilichokwisha kuungana, na kikivunjwa hakirudi. Tofali za saa 3 na tofali za saa 9 siyo tofali moja hata kama zimetoka kwenye shimo moja.

Halafu ukazianika juani. Tofali la udongo mtupu linataka kukauka. Tofali lenye saruji linataka kunywa. Lifunikwe kwa nailoni au nyasi, limwagiliwe asubuhi na jioni siku 7 bila kukosa, ndipo uliache likauke polepole. Lako lilinyang'anywa maji siku ya kwanza. Angalia zile 80 za chini ya mwembe, ndiyo ushahidi wako.

#7 Mwalimu wa Maswa
Fundi Kitwana nakuheshimu, ila unaruka jambo kubwa. Huo ni udongo wa mbuga! Wasukuma wana majina ya udongo tangu zamani na kila jina lina kazi yake. Luseni ni kichanga cha mwinuko, huko chini bondeni ndiyo mbuga, nyeusi, kiangazi inapasuka ufa unaomeza mguu wa mbuzi. Udongo unaovimba masika na kusinyaa kiangazi hata ungeutilia mifuko 20, ule unaotanuka ndani utailazimisha saruji ikatike. Ule utando wa buibui aliouona ni kusinyaa, na nyufa zilikuwepo kabla ya mvua. Mvua imepita kwenye mlango uliokuwa wazi.

Na kina cha goti karibu na lambo la ng'ombe? Hapo kuna samadi na mizizi. Udongo wenye mbolea ya mnyama unaizuia saruji isishike. Fukua kwanza tabaka la juu, nusu mita ikibidi, mpaka usione mzizi na usisikie harufu ukiupasha moto.

#8 Mama Neema Kasulu
Mimi sijaelewa kwa nini mnatia saruji. Nyumba yangu ni ya tofali mbichi tupu, imejengwa 2003, iko imara na watoto wamekulia humo. Msingi ni wa mawe mpaka usawa wa goti, na bati limetoka nje ya ukuta karibu mita nzima kila upande. Mvua haiugusi ukuta. Kila mwaka kabla ya masika napaka udongo na kinyesi cha ng'ombe. Mwanangu, mama yako anahitaji paa pana na mawe chini, hizo hela za mifuko 12 zingenunua bati.

#9 Nkwimba
Mama Neema asante, msingi wa mawe nitafanya kweli. Ila huku kuna upepo, mvua inakuja ya ubavu.

#10 kalibu_mbili
Bado nasema choma.

#11 Mwalimu wa Maswa
Mbuga ukiichoma hupasuka tanuruni vilevile, kalibu_mbili. Nusu ya tanuru unaitoa kokoto. Na tofali zake zina saruji tayari.

#12 Otieno wa Ahero
Habari zenu kutoka Kano, upande wa Kisumu. Sisi udongo wetu ni huohuo mweusi, mnaita mbuga. Tulichokuja kujua ni kwamba udongo mnato kama huu haupatani na saruji, unapatana na chokaa. Mabonge hayavunjiki, saruji inabaki imeyazunguka tu, ndani hakuna kitu. Vunja tofali moja uangalie. Ukiona madoa meusi makubwa kama njugu na kijivu pembeni, ndiyo hivyo.

Chokaa inaubadilisha udongo wenyewe. Ukiitia leo, kesho ule unata umepungua, unavunjika mkononi kama unga wenye chembe. Hapo ndipo unaweza kuufanyia kazi. Hata barabara zinazopita kwenye udongo mweusi hutiwa chokaa kwanza.

#13 Nkwimba
Otieno nimevunja tofali sasa hivi. Ni kama umeliona! Mabonge meusi ya ukubwa wa punje ya mahindi, mengine kama karanga, na kijivu imezunguka. Bonge likiingia maji linayeyuka, kijivu inabaki kama ganda la yai.

#14 Fundi Kitwana
Hilo la mabonge nalikubali, sikulitaja. Udongo ukaushwe, upondwe, upitishwe kwenye chekecheo, kisha uchanganywe na saruji ukiwa mkavu mpaka rangi iwe moja. Maji yaje mwisho. Kukanyaga kwa miguu hakuvunji mabonge ya mbuga.

Ila chokaa kila mtu anaisifia bila kusema bei ya kusubiri. Tofali la saruji baada ya wiki mbili unajenga. La chokaa likipewa wiki nne limepewa kidogo, na muda wote huo liwe na unyevu na joto. Mama anasubiri nyumba.

#15 Binti wa Mpwapwa
Naomba niongeze langu ili mtu asirudie. Mwaka jana nilisikia chokaa, nikaenda duka la pembejeo nikanunua mifuko saba ya chokaa. Nikachanganya na udongo mwekundu, nikafunika vizuri, nikasubiri mwezi na nusu. Zilipolowa zikaanguka kama hazikuwahi kutiwa kitu. Kwa hiyo chokaa ni uongo, au udongo wangu ndio haukufaa?

#16 Otieno wa Ahero
Dada pole. Hiyo ya duka la pembejeo ni chokaa ya shambani. Ni jiwe limesagwa tu, halijapita tanuruni. Inatibu uchachu wa udongo wa mahindi, haigandishi chochote. Ya tofali ni jiwe lililochomwa, likazimwa kwa maji likawa unga mweupe laini.

Kipimo chake ni rahisi. Kamulia limau juu ya kijiko cha huo unga. Ya shambani itatoa povu linalochemka kwa kelele. Iliyochomwa na kuzimwa vizuri itatoa kidogo sana au isitoe. Na ikiwa imekaa mwaka mzima mfuko uko wazi, hewa imekwishaigeuza kuwa jiwe tena, itatoa povu pia, usiinunue.

#17 Binti wa Mpwapwa
Nimejaribu na mabaki. Imechemka mpaka ikamwagika kwenye meza. Mifuko saba jamani.

#18 Mzee Amboni
Huku Tanga chokaa tumeichoma tangu wakoloni. Mkipata ile ya mabonge, ambayo haijazimwa, msiiguse kwa mkono wenye maji. Inachemka, inaunguza, na ikiruka jichoni ni upofu. Mimina chokaa kwenye maji mengi kidogo kidogo, usimwage maji juu ya chokaa, halafu simama upande upepo unakotoka. Nimeona mtu kapoteza jicho, sisemi hadithi.

#19 Baba Shija
Kwa hiyo saruji yangu ya 42.5 imesahaulika kabisa 😄

#20 Fundi Kitwana
Imepumzika, Baba Shija. Itarudi wakati wa renta.

Nkwimba, tuache kubishana kichwani. Pima udongo wako kwa vipimo viwili visivyo na gharama. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, tia udongo uliopondwa mpaka theluthi, jaza maji, chumvi kidogo, tikisa dakika mbili, iache. Mchanga unatua ndani ya dakika moja, weka alama. Baada ya nusu saa weka alama ya vumbi laini. Mfinyanzi unatua mpaka kesho.

Cha pili ni kisanduku. Tengeneza cha mbao, ndani kiwe na urefu wa sentimita 60, upana 4, kina 4. Paka mafuta. Udongo uloweshe uwe kama ugali laini, ushindilie usiache hewa, sawazisha juu, weka kivulini wiki nzima. Ukikauka sukuma vipande vyote upande mmoja, halafu pima pengo lililobaki mwishoni.

Pengo likiwa chini ya milimita 15, saruji moja kwa udongo 18. Kati ya 15 na 30, moja kwa 16. Kati ya 30 na 45, moja kwa 14. Mpaka 60, moja kwa 12. Likizidi 60, usiutumie hivyo ulivyo, utafutie mchanga.

#21 Mwalimu wa Maswa
Hiyo chupa inadanganya kwenye mbuga. Mfinyanzi wake unavimba ndani ya maji, tabaka la juu linaonekana nene kuliko lilivyo. Kisanduku nakikubali.

#22 Nkwimba
Nimerudi wakuu, zimepita siku tisa. Nimepima udongo wa aina tatu.

Mbuga ya lambo: kwenye chupa, tabaka zima lilikuwa vidole 10, mchanga vidole 3 tu. Maji hayajasafika mpaka leo. Kwenye kisanduku umekatika vipande vinne, ncha zimepinda juu kama mtumbwi. Nilivisukuma nikapata pengo la milimita 71.

Luseni ya kule kwa mjomba: pengo milimita 4, lakini nilipoigusa ilimeguka. Haijishikilii.

Mchanganyiko wa ndoo moja ya mbuga na ndoo mbili za luseni: milimita 26, imetoka kipande kimoja, ina ufa mmoja mwembamba.

#23 Fundi Kitwana
Umefanya kazi ya maana. Sasa umeona mwenyewe: mbuga peke yake haifai, luseni peke yake haifai, zikioana zinafaa. Milimita 26 maana yake moja kwa 16. Mfuko mmoja, lita 35 mara 16 ni lita 560, yaani ndoo 28 za mchanganyiko. Kwa mashine unapata tofali 70 na kitu.

Ila angalizo: hizo namba zilipangwa kwa ajili ya mashine ya mkono ya kushindilia, ile CINVA-Ram iliyobuniwa Kolombia miaka ya 1950 na ndugu zake waliofuata. Kushindilia ndiyo nusu ya dawa. Ukifyatua tope la maji kwa kalibu, maji yakikauka yanaacha vitundu, na moja kwa 16 haitakusaidia.

#24 Nkwimba
Mashine sina. Ya kukodi iko Mwanza.

#25 kalibu_mbili
Sasa hapa naomba nisikilizwe, maana kalibu ndiyo kazi yangu miaka 14. Unaweza kushindilia kwa kalibu. Kalibu ya mbao ngumu ifungwe bati la chuma kwenye kona, isiwe na kitako, iwekwe juu ya ubao. Udongo usiwe tope. Uloweshe kidogo tu, ukifinya donge mkononi lishikane bila kukuachia maji kiganjani. Liachie kutoka usawa wa bega lianguke pagumu. Likisambaa kama unga, ongeza maji. Likibandika chini kama kimanda, umezidisha. Likivunjika vipande vinne au vitano, hapohapo jaza.

Jaza kwa matabaka matatu, kila tabaka lishindilie kwa mchi wa gogo zito mpaka sauti ibadilike. Mwanzoni utasikia du, du, likishiba linagonga kama umegonga mlango. Pembeni kwenye kona ndiko watu wanasahau, na ndiko kunakomomonyoka. Utatoa tofali chache kwa siku, mikono itauma, lakini tofali linatoka na makali.

#26 Mwalimu wa Maswa
kalibu_mbili kumbe unajua hivi, na tangu mwanzo unasema choma!

#27 kalibu_mbili
Kuchoma ni rahisi kuliko kueleza.

#28 Fundi Kitwana
Maelezo ya kalibu_mbili yafuate neno kwa neno. Kwa kushindilia kwa mkono shuka mpaka moja kwa 12. Usimwagie maji mchanganyiko wa zaidi ya tofali utakazomaliza kwa nusu saa. Ukichelewa, kilichobaki tupa, usikifufue kwa maji.

#29 Mama Neema Kasulu
Kichuguu je? Huku tukitaka tofali nzuri tunabomoa kichuguu. Mchwa wameshauchagua udongo.

#30 Otieno wa Ahero
Mama, kichuguu ni kizuri mara nyingi, ila kinafuata udongo kilichosimama juu yake. Kichuguu cha kwenye mbuga ni mbuga iliyopandishwa. Apime kwa kisanduku hichohicho.

#31 Mtaalamu Chipukizi
Nimesoma uzi wote. Suluhisho ni kupiga lipu ya saruji tofali hizo 400 alizobaki nazo, maji hayatapita. Mnamzungusha bure.

#32 Mwalimu wa Maswa
Usifanye hivyo. Lipu ya saruji ni ngumu, tofali la mbuga linavimba na kusinyaa. Baada ya masika mawili lipu inaachia kama ganda la mti, unaigonga inalia kama debe, na nyuma yake maji yamejificha. Hizo 400 azitumie ndani, ukuta wa kugawa vyumba usiopata mvua, ziinuliwe juu ya mawe. Au azisage azitumie badala ya sehemu ya luseni. Saruji iliyokufa si tiba tena, lakini ni chembe ngumu.

#33 Nkwimba
Wakuu, nimetengeneza tofali za majaribio, nane kwa kila kundi. Nilitumia kopo la rangi la lita 4 kupimia ili nisikosee.

Kundi A: mchanganyiko wa mbuga na luseni, saruji kopo 1 kwa udongo makopo 12, nimeshindilia kama kalibu_mbili alivyosema, zimekaa chini ya turubai na kumwagiliwa siku 14.
Kundi B: vilevile kabisa, ila nimezianika juani tangu siku ya kwanza.
Kundi C: mbuga tupu iliyopondwa na kuchekechwa, saruji ileile, nikashindilia, turubai siku 14.
Kundi D: mbuga tupu na chokaa iliyozimwa (nilijaribu limau, haikutoa povu), kopo 1 kwa 10. Niliiacha usiku mmoja imefunikwa kabla ya kufyatua. Kesho yake kweli udongo ulikuwa umebadilika, haunati kwenye jembe.

Jana usiku nimezamisha tofali mbili za A, mbili za B na mbili za C kwenye pipa la maji. Leo asubuhi nimezitoa. A ziko nzima, nimezikwaruza kwa msumari, msumari umeteleza, ni vijichembe tu vya ukingoni vimetoka. B katikati ni ngumu, lakini kona zote nimezitoa kwa ukucha. C hazikuwa uji, ila moja imekatika katikati na nyingine imevimba, kalibu haiingii tena. D bado sijagusa.

Mama alikuja akaishika ya A ikiwa imelowa, akaibonyeza kwa kidole gumba mara tatu, akaniuliza kama hiyo ndiyo ileile niliyokuwa nafanya mwanzo.

#34 Fundi Kitwana
B na A ni mchanganyiko mmoja na mikono ileile. Tofauti ni jua tu. Nilisema.

#35 Mwalimu wa Maswa
Na C imetunzwa kama A, saruji ileile, mikono ileile, na imekatika. Tofauti ni udongo tu. Nilisema mimi pia.

#36 Otieno wa Ahero
D haijazungumza bado. Msifunge hesabu.

#37 Baba Shija
Nkwimba, hiyo saruji ya A ilikuwa ya ngapi?

#38 Nkwimba
32.5, Baba Shija. Duka lilelile, mfuko wa aina ileile.

#39 Binti wa Mpwapwa
Nimefuatilia kila kitu na nimetengeneza kisanduku. Udongo wangu mwekundu umetoa milimita 19. Kwa hiyo muda wote ulikuwa mzuri, chokaa ndiyo haikuwa chokaa. Swali moja: siku 7 za kumwagilia, maji huku ni ya kununua kwa ndoo. Nikifunika kwa nailoni bila kumwagilia itatosha?

#40 kalibu_mbili
Zikifyatuliwa na unyevu wake sahihi na nailoni ikabanwa chini kwa mawe pande zote, jasho lake linarudi humohumo. Asubuhi funua upande mmoja, ukiona matone ndani ya nailoni usiongeze kitu. Ukikuta pakavu, nyunyiza.

#41 Fundi Kitwana
Mimi ningemwagilia angalau siku tatu za kwanza. Ndoo mbili zitatosha tofali 100 ukinyunyiza kwa mkono na ufagio.

#42 Mzee Amboni
Nkwimba, hizo za chokaa usiziguse hata ukiwa na hamu. Ziache na unyevu, turubai lisifunuliwe mchana wa jua.

#43 Nkwimba
Sawa mzee. Leo D zina siku 16. Nitazizamisha zikifika siku 45, mbili kwanza, na nyingine nitaziacha zifike miezi mitatu. Mawe ya msingi yameanza kushushwa, mjomba amekubali luseni ichimbwe upande wa mihogo iliyokwisha kuvunwa. Nikizitoa pipani nitaandika hapahapa.